Shamba limepanda bei, gawio halipo

Ni mstari mmoja tu wa hesabu ulionikaa kichwani. Mhasibu mmoja wa mjini Kitui aliuzungushia wino mwekundu: "Ziada ya uthamini wa ardhi, shilingi milioni 6."

"Hapa ndipo wakurugenzi hujifunga," akaniambia.

Akanipigia mfano wa kampuni ya watu waliochanga wakanunua shamba kando ya barabara ya Kibwezi. Miaka ya nyuma imewaachia hasara ya milioni 3.1. Mwaka huu wamepata faida ya milioni 1.8, na mthamini amesema shamba limepanda kwa milioni 6. Benki kuna pesa, maana wateja wa viwanja wamelipa rubuni. Mkutano mkuu unakaribia na wanahisa, wengi wao wazee, wamechoka kungoja. Bodi inapendekeza gawio la laki 9.

"Sasa toa," akasema, akinisukumia kikokotoo. Milioni 1.8 kutoa 3.1: upungufu wa milioni 1.3. Ile milioni 6? Akaikata kwa kalamu. Shamba halijauzwa, kwa hiyo faida yake haijapatikana. Sheria ya Kampuni ya 2015 inaruhusu kugawa faida iliyokwisha kupatikana tu, baada ya kuondoa hasara zote zilizolimbikizwa, si za mwaka huu peke yake. Na rubuni ni deni kwa wateja, hata ikilala benki.

Nikamuuliza: wanahisa wenyewe wakipiga kura waipitishe?

"Kura yao haiumbi faida." Akanitajia kesi ya Flitcroft, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1882. Wakurugenzi wa kampuni ya fedha walihesabu madeni yasiyolipika kama mali nzuri. Mkutano ukaidhinisha magawio mwaka baada ya mwaka. Kampuni ilipofilisika, mahakama iliwaamuru wakurugenzi wazirudishe pesa kutoka mifukoni mwao, na idhini ya mkutano haikuwaokoa.

Mwanahisa naye anadaiwa, lakini ni yule tu aliyejua, au aliyekuwa na sababu ya kujua, kwamba gawio lile si halali. Mama mzee wa Mutomo aliyepokea elfu 4 kwa simu hana kosa. Mkurugenzi mwenye hisa hubanwa kotekote: kama mpokeaji na kama mwidhinishaji.

Dawa yake ni ya kuchosha: kabla ya kutamka gawio, fungua hesabu za mwisho zilizokaguliwa na ufanye ile kutoa. Zikiwa za zamani mno, andaa nyingine za katikati ya mwaka.

"Wengi huniita cheki zikishatoka," akasema. Na hapo huwa wameshakata kodi ya zuio ya asilimia 5 na kuipeleka KRA. Gawio likibatilika, hiyo asilimia 5 ataidai nani? Mhasibu alikuna kidevu, akafunga faili.