Jasho la usiku Nyamira: nguo inywe maji, mto usinywe

Mpwani akihamia Nyamira hutarajia kwamba shida ya jasho la usiku ameiacha nyuma, pamoja na feni na madirisha ya wavu. Huku ni mashamba ya chai, juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na Julai usiku mtu hulala na blanketi mbili. Lakini mwenye kutoka jasho jingi usingizini hutoka jasho popote alipo. Tofauti ni kwamba kwetu jasho lile humkera kwa joto, na huku humkera mara mbili: kwanza humwasha joto, kisha humgandisha kwa baridi akiwa amelowa.

Mimi ni fundi wa mito. Kazi niliifunza Mji wa Kale, Mombasa, kwa kushona mito ya sufi, na sasa ni mwaka wa nne naifanya karibu na soko la Keroka, pale Kisii na Nyamira zinapopakana. Wanaoniuliza habari za jasho ni wengi, wa huku na ndugu zetu wa pwani walioletwa na kazi. Swali lao huwa moja: ninunue mto gani, nivae nini? Nitawajibu kwa habari ya mama mwenye nyumba wangu, maana kwake tulipima kwa mizani.

Kabla ya mto, nilimuuliza ameanza lini na kama ana jambo jingine. Fundi mwenye akili huuliza hivyo kwanza. Jasho la kulowesha nguo pamoja na kikohozi, homa au kupungua mwili ni dalili za kifua kikuu, na kipimo chake na dawa ni bure katika vituo vya serikali hapa Kenya. Milima hii ya Kisii pia ina historia ya milipuko ya malaria, kwa hiyo jasho lililoanza juzi na homa si la kutibiwa kwa foronya. Wako pia wanaotoka jasho kwa sababu ya dawa wanazomeza, au kisukari kinachotibiwa kikishuka sana usiku. Mama alikuwa amekwisha kwenda kituo cha afya na kupimwa. Ana miaka 51, hedhi imemkoma, na lile joto la ghafla humjia mara tatu au nne kwa usiku. Aliambiwa hana ugonjwa. "Sawa, mwanangu," akaniambia, "lakini asubuhi mto wangu unanuka kama tambara la kudekia."

Mto wake ulikuwa wa vipande vya sponji, ile mito mizito inayouzwa kila soko, iliyojazwa makombo ya magodoro. Sponji ina vitundu vingi vidogo. Kichwa kikizama ndani yake, hewa iliyozunguka shingo hukwama, joto halina pa kupitia, na jasho huongezeka. Jasho likishapenya foronya huingia kwenye vile vitundu na kukaa. Mombasa ungeutandaza juu ya paa ukauke kabla ya adhuhuri. Nyamira mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na mara nyingi hushuka alasiri, kwa hiyo jua la kutegemea ni la asubuhi tu. Mto usiokauka kwa saa tatu au nne hurudi kitandani na unyevu, na baada ya wiki chache ukungu huanza ndani, mahali usipoweza kuuona. Utaujua kwa njia mbili: harufu haiishi hata ukibadilisha foronya, na ukiukandamiza kwa kiganja asubuhi ya pili huhisi ubaridi wa maji katikati.

Tuliuweka kwenye mizani ya dijitali ya duka jirani, ile ya kupimia sukari. Jioni ulikuwa gramu 1,140. Asubuhi, 1,190. Siku hiyo ilinyesha, ukakaa ndani ya nyumba, na jioni iliyofuata ulikuwa bado 1,175. Yaani Mama alikuwa akilalia jasho la jana.

Nikamshonea mto wa sufi. Unyuzi wa sufi ni mrija mtupu, sehemu kubwa yake ni hewa, na nje umefunikwa na kitu kama nta. Ndiyo sababu zamani sufi ilijazwa kwenye maboya ya kujiokolea baharini: hailowi kwa urahisi, na huelea. Kwenye mto, maana yake ni kwamba jasho hubaki kwenye kitambaa cha juu wala halizami ndani. (Msomaji asichanganye sufi ya msufi na sufu ya kondoo, hapa Keroka nimewahi kuletewa gunia la sufu kwa ajili ya mto, na mleta alikasirika nilipolikataa.)

Kipimo nilichotumia ni hiki. Mto wa sentimita 45 kwa 70, sufi gramu 700 baada ya kuchambuliwa. Mbegu lazima zitolewe zote, kwa kuwa zina mafuta na huita panya. Wakati wa kuchambua funga pua kwa kitambaa, vumbi lake hukohoza. Mfuko wa ndani ni marekani nzito, imeshonwa mishono miwili iliyokaribiana, kwa sababu sufi hupenya hata tundu la sindano. Juu yake foronya ya pamba, na nilimpa nne ili kila usiku awe na kavu. Mto mzima ulikuwa gramu 900. Asubuhi, 935. Tulipovua foronya na kuipima peke yake, gramu 30 kati ya zile 35 zilikuwa humo. Mto wenyewe ulianikwa saa mbili tu asubuhi, ukarudi vilevile ulivyokuwa.

Sufi ina ubaya wake, nisifiche. Haifuliwi. Ukiitumbukiza kwenye maji na sabuni, hugandamana mabonge na haifufuki tena. Hushika moto haraka, kwa hiyo mwenye kulala karibu na jiko la makaa aikae mbali. Na huku bara si rahisi kuipata. Yangu huletwa kwa basi kutoka pwani. Asiyeipata achukue faiba, zile nyuzi nyeupe za poliesta, lakini ajaze kidogo, gramu 500 hivi kwa mto wa kipimo kilekile. Faiba nayo hainywi maji, hufulika, na hukauka upesi. Kinachoiharibu ni kushindiliwa: ikibanwa, huwa kama sponji kwa joto. Mto wa dukani ulioshiba sana, fungua mshono wa upande, toa theluthi, ushone tena.

Pamba ya kujaza mto, ambayo wazee wetu wengi waliipenda, kwa mtu wa jasho hapa Nyamira siipendekezi kabisa. Hunywa maji mengi, hushikamana ikawa ngumu, na mto wake ukilowa unaweza kuchukua siku mbili tatu kukauka. Lakini tabia hiyohiyo ya kunywa ndiyo tunayoitaka kwenye nguo ya kulalia. Nguo huvuliwa, hufuliwa na kuanikwa kila siku. Mto haufanyiwi hivyo.

Mama alikuwa akilala na suti ya flisi, ya mitumba, nene na laini, kwa sababu ya baridi. Flisi ni poliesta. Unyuzi wenyewe haunywi karibu chochote, kwa hiyo jasho hubaki juu ya ngozi na katikati ya nyuzi, na ule unene unaendelea kumpasha moto. Asubuhi suti ilikuwa imeongezeka gramu 25 tu, lakini shuka chini yake ilikuwa majimaji na mgongo umemlowa. Usiku wa pili alivaa dera la pamba, pana, la gramu 240. Kufikia asubuhi lilikuwa 330. Gramu 90 za jasho zilikuwa zimetoka mwilini zikaingia kwenye nguo.

Hapa ndipo baridi ya Nyamira inapoingia. Pamba iliyolowa hushikamana na ngozi na kumpoza mtu haraka. Pwani hiyo ni raha. Huku ni kutetemeka saa tisa za usiku. Dawa yake ni kubadilisha, si kuvaa nguo nzito zaidi. Mama huweka leso mbili kavu na dera la pili kwenye kiti kando ya kitanda, si kabatini, asilazimike kuwasha taa. Joto likishapita, huvua kilicholowa, hujipangusa kwa leso moja, hujifunga nyingine au huvaa dera, na hugeuza mto upande wa pili. Haichukui hata dakika mbili. Blanketi moja zito la flisi tuliligawa kuwa mbili nyepesi, ili joto likija ateremshe moja na kubaki na nyingine. Mapigo ya joto bado humjia kama kawaida, mto hauyazuii. Lakini zamani kila pigo lilimwamsha nusu saa, na sasa mengi yake hurudi kulala papo hapo.

Tahadhari kwa wanunuzi: si kila leso wala kila dera ni pamba. Madera mengi yanayoteleza mkononi ni poliesta, na leso za poliesta zimejaa masokoni, za huku na za kwetu. Muuzaji akikuambia ni pamba tupu, chomoa uzi mmoja pindoni, uushike kwa koleo juu ya sahani, mbali na nguo, na uuwashe. Pamba huungua kama karatasi, hunuka karatasi iliyoungua, na huacha jivu laini la kijivu. Poliesta huyeyuka na kujikunja, kisha huacha kibonge kigumu kisichovunjika kwa vidole. Ukiona vyote viwili, ni mchanganyiko. Njia ya tone la maji ni nzuri pia, lakini usiitumie kwa leso mpya. Ile dawa ya kukazia kitambaa huzuia maji hata kwenye pamba halisi. Ifue mara mbili kwanza, kisha dondosha tone: likizama mara moja, nguo itakunywa jasho. Kikoi kilichozeeka, ambacho wengi wetu tunakitumia kufungia mizigo, ni katika nguo bora za kulalia kwa mtu wa jasho, mwanamume au mwanamke.

Mto wa sufi kwa mtu wa namna hii hauishi milele. Kila baada ya miezi sita hivi nawaambia wauchane mshono wa juu, wachambue sufi kwa mkono na kuongeza kidogo. Ukiusugua masikioni ukasikia unakwaruza, au ukiupiga kiganja ukatoa vumbi badala ya kuinuka, nyuzi zimevunjika na haurekebishiki. Wa Mama nilimfungulia mwezi uliopita. Mfuko wa marekani ulikuwa na doa la manjano upande mmoja, lakini sufi ya ndani ilikuwa kavu na nyeupe, nikaongeza gramu 60 na kushona tena.