Barua ya Mwongozaji Usiku wa Kuamkia Shuti

Barua ambayo mwongozaji wa filamu huwatumia waigizaji na wafanyakazi usiku wa kuamkia siku ya kwanza ya kupiga picha ina kazi moja: kuwaeleza jinsi maamuzi yatakavyofanyika kwenye seti kuanzia kesho yake. Saa ya kufika, mahali, orodha ya matukio na hospitali iliyo karibu vimo tayari kwenye ratiba ya siku, na kuvirudia ni kumchosha msomaji.

Waongozaji wanaoanza kazi huuliza swali lilelile kila mara: barua ianze na maneno gani ya kuwatia watu moyo? Swali hilo limekaa vibaya tangu mwanzo. Mpiga picha, fundi wa taa na mtu wa sauti wamekubali kazi na wanaijua. Wasichokijua ni nani atakayesema basi jambo likiharibika.

Jibu wanalopewa wengi ni lile la "sisi ni familia moja", nalo ndilo lenye madhara zaidi. Katika familia mdogo hamkatalii mkubwa, saa za kazi hazihesabiwi, na anayelalamika huonekana amekosa adabu. Barua ikishawaita watu familia, kijana anayebeba vifaa vya kamera ataona hatari na kunyamaza, kwa kuwa kusema ni kuvunja undugu. Mwongozaji ataudhania ukimya huo kuwa ni moyo wa kazi.

Mfano wa kinachoweza kutokea upo. Februari 20, 2014, katika jimbo la Georgia, Marekani, kikosi cha filamu ya Midnight Rider kilipanda daraja la reli juu ya Mto Altamaha na kuweka kitanda cha hospitali katikati ya njia ya treni. Upigaji rasmi wa filamu ulikuwa haujaanza. Kampuni ya reli ilikuwa imekataa kwa maandishi kutoa ruhusa, lakini kikosi kiliendelea na kazi, na watu waliambiwa kwamba treni ikitokea wangekuwa na sekunde 60 za kuondoka. Treni ilitokea. Sarah Jones, msaidizi wa kamera mwenye umri wa miaka 27, aliuawa, na wenzake kadhaa wakajeruhiwa. Mwaka 2015 mwongozaji Randall Miller alikiri mahakamani kosa la kuua bila kukusudia na la kuingia eneo la reli bila ruhusa, akafungwa.

Kikosi kile hakikupungukiwa hamasa. Kilichohitajika ni sentensi mbili za wazi: ruhusa ya mahali hapa ipo au haipo, na yeyote anaweza kukataa kuingia bila kupoteza kazi. Sentensi hizo ndizo moyo wa barua, na hakuna neno tamu linaloweza kukaa mahali pake.

Tuseme filamu inapigwa Bagamoyo, na tukio la kwanza ni la mama anayempokea mwanawe ufukweni. Barua inayofaa ingesema hivi: "Tukio la mama na mwana litapigwa kwanza, maji yakiwa yamejaa. Ruhusa ya kutumia ufukwe tunayo, na meneja wa uzalishaji atakuwa nayo mkononi. Filamu hii inasimama juu ya ukimya, kwa hiyo jenereta itakaa mbali na simu zote zitazimwa. Mwigizaji wa mama asisemeshwe kati ya shuti na shuti, isipokuwa na mimi au mtu wa mavazi. Hakuna atakayepanda boti bila jaketi la kuokolea maisha. Atakayeona hatari aseme 'simama'. Kamera itazimwa papo hapo, na hataulizwa sababu mbele ya watu. Tutamaliza saa kumi na mbili jioni hata kama tukio la mwisho litabaki."

Hapo hisia ya filamu imegeuzwa kuwa agizo ambalo mtu wa sauti anaweza kulitekeleza. Kumwambia tu kwamba filamu "itagusa mioyo" hakumwelekezi aweke wapi maikrofoni.

Ahadi ya saa ya kumaliza iandikwe tu baada ya mtayarishaji na msaidizi wa kwanza wa mwongozaji kuikubali. Ikivunjwa siku ya kwanza, hata lile neno "simama" halitaaminiwa tena siku ya pili.

Mengine ni mafupi. Ukurasa mmoja unatosha. Barua itumwe kwenye kundi la WhatsApp la kikosi pamoja na ratiba, kabla ya saa mbili usiku. Wasio na simu janja wasomewe asubuhi. Madereva na wapishi wapewe pia. Shukrani zipewe mstari mmoja. Karipio la mtu mmoja lisiandikwe kabisa, aitwe pembeni. Mwigizaji mwenye tukio gumu apigiwe simu, kwa sababu maelekezo ya uigizaji hayatolewi mbele ya kikosi kizima.

Mwongozaji asiye na muda wa kuandika yote haya aandike mambo matatu tu: ruhusa, haki ya kusimamisha kazi, na saa ya kumaliza.