Mahubiri ya Mashine na Nyavu Zilizokwisha Kuoshwa: Kweli au Si Kweli?

Mtaa ninaouhudumia kama mwinjilisti uko kando ya Ziwa Viktoria, na kanisa letu hujaa au hupungua kwa kufuata mwezi. Giza likiwapo, wanaume wako ziwani na taa zao wakivua dagaa. Mbalamwezi ikiwaka, taa haivuti dagaa, basi mitumbwi hulala ufukweni na mabenchi ya nyuma hujaa. Mwaka jana zamu yangu ya kuhubiri iliangukia Luka 5:1-11, habari ya Simoni na usiku usio na samaki. Jumatatu niliiomba programu ya akili mnemba iniandikie mahubiri ya dakika 20 kwa wavuvi, na muda si muda nikawa na kurasa tatu safi zenye vichwa vitatu: usikate tamaa, mtii Bwana, pokea baraka zako.

Siku zilizobaki za wiki ile nilizitumia kuyageuza yawe mahubiri yetu. Katika kazi hiyo niligundua kwamba mengi ninayoyasikia kwa wainjilisti wenzangu, na mengine niliyoyaamini mwenyewe, hayasimami.

Kuhubiri maneno yaliyotungwa na mwingine ni jambo geni, limeletwa na simu.

Si kweli. Augustino, katika kitabu cha nne cha kazi yake kuhusu mafundisho ya Kikristo, aliruhusu mtu anayejua kusema vizuri lakini hawezi kutunga ahubiri yaliyoandikwa na wengine. Martin Luther alichapisha postila mwaka 1522 ili wachungaji wasio na maandalizi wapate cha kuwapa watu. Kanisa la Uingereza nalo lilitoa kitabu cha mahubiri mwaka 1547, yasomwe parokiani jinsi yalivyo. Kwa hiyo ndugu anayetumia rasimu asihukumiwe kwa hilo peke yake. Ila wale walioandika walikuwa watu waliozika, waliobatiza na kukaa na wagonjwa. Rasimu ya simu yangu haikuwahi kukaa matangani na mtu yeyote, na mapengo yake huonekana palepale ambapo mchungaji angeandika kwa kumbukumbu.

Ukiondoa mifano ya ugenini na kuweka majina ya kwetu, mahubiri yamekuwa yako.

Si kweli, na hapa ndipo wengi tunaposhindwa, maana kazi hii ni rahisi na inaonekana kama imefanyika. Mimi nilianza hivyo hivyo. Rasimu ilikuwa na mfanyabiashara aliyefilisika mara tatu kisha akafanikiwa, nami nikamgeuza kuwa mwenye duka wa mjini kwetu. Nilipoisoma kwa sauti nikaona hakuna kilichobadilika. Hoja ilikuwa ileile: vumilia, mwishowe utapata. Mtu yeyote angeisema, kwa andiko lolote. Jina la mji lilikuwa limebandikwa juu kama kiraka.

Jumatano asubuhi nikateremka mwaloni. Nilimkuta mzee mmoja wa kanisa, ambaye amevua tangu ujana wake, ameketi akitazama vijana wakianika wavu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwinjilisti. Leo umetukumbuka na huku."

Nilimwomba anisikilize nikisoma somo la Jumapili, kisha aniambie lipi limemgusa. Nilitegemea aseme habari ya samaki wengi. Alinyamaza, akaomba nirudie mstari wa pili, ule unaosema wavuvi walikuwa wametoka chomboni na wanaosha nyavu zao. Kisha akasema, "Hapo ndipo penye kazi. Wavu ukishaoshwa, siku imefungwa. Umeshatoa matope na majani, mikono inauma, unataka uji na kulala. Mtu akikwambia uushushe tena, hakuombi tu urudi majini. Anakuomba uoshe mara mbili." Akaongeza kwamba tena ni mchana, watu wamejaa ufukweni wanakutazama, na anayekuamuru si mvuvi.

Rasimu yangu ya kurasa tatu haikugusa nyavu zilizooshwa hata kwa neno moja. Ilikuwa imeruka kutoka usiku mtupu hadi baraka. Maneno ya mzee yalibadilisha si mfano, bali hoja yenyewe. Mahubiri hayakuwa tena juu ya kutokata tamaa. Yakawa juu ya mtu aliyekwisha kufunga hesabu zake, akaambiwa azifungue upya.

Hatua chache mbele yake palikuwa na mama mmoja anayenunua dagaa na kuanika. Yeye aliuliza swali ambalo sijalikuta katika kitabu chochote nilichosoma: "Wale samaki aliwachukua nani?" Mstari wa 11 unasema waliacha vyote wakamfuata Yesu, na Luka hasemi samaki walikwenda wapi. Kwake yeye mtumbwi uliojaa ukaachwa ni mali inayooza kabla jua halijapanda. Nikalichukua swali lake hadi mimbarani, nikaliacha bila jibu, isipokuwa kukumbusha kwamba katika Marko 1:20 Zebedayo anabaki chomboni pamoja na watu wa mshahara. Kumfuata Bwana kuliacha kazi mikononi mwa wengine, na wanawake wengi waliokuwa kanisani wanajua maana ya kuachiwa.

Kipimo ninachotumia sasa ni hiki: futa majina yote ya mahali uliyoyaweka, kisha usome. Kama hoja bado inaonyesha kwamba imezaliwa kwenu, mahubiri yameanza kuwa yako. Kama imerudi kuwa ya mtu yeyote, ulikuwa umebandika viraka.

Mfano ulioandikwa na mashine kwa "mimi" waweza kubaki, maana ni mfano tu.

Si kweli hata kidogo. Rasimu yangu ilikuwa na aya inayoanza na "Nakumbuka nilipokuwa kijana, baba yangu alinipeleka ziwani." Baba yangu hakuwa mvuvi. Msikilizaji akisikia mfano wa mpanzi anajua ni mfano. Akisikia mwinjilisti wake akisema "nakumbuka", anapokea ushuhuda. Kuuacha pale ni kusema uongo ukiwa umesimama mbele ya madhabahu, na katika mtaa mdogo yupo mtu anayemjua baba yako.

Njia mbili ziko wazi. Kama aya ina faida, ifungue kwa maneno kama "tuchukulie kuna kijana", watu wajue ni kisa cha kutungwa. Au iondoe uweke chako, hata kikiwa kidogo. Chagua pale ulipokuwa mmoja wa walioguswa na andiko, si pale ulipokuwa shujaa. Mimi nilisema kwamba nilikuwa nimekwenda mara kadhaa kusuluhisha ugomvi katika nyumba moja, sikupata kitu, nikaacha kwenda. Nilikuwa nimeosha wavu wangu. Sikuwaambia kwamba baadaye mambo yalikwenda vizuri, kwa sababu siku ile nilikuwa bado sijarudi.

Kama rasimu imetaja sura na mstari, andiko ni salama.

Si kweli. Yangu ilisema Simoni alivuta samaki 153. Hesabu hiyo iko Yohana 21:11, baada ya ufufuo, na kule imeelezwa kwamba wavu haukupasuka. Katika Luka 5:6 hakuna hesabu, na nyavu zilianza kukatika. Mashine ilikuwa imeunganisha habari mbili zinazofanana, na kosa la namna hiyo halionekani kwa macho ya haraka kwa sababu kila kipande chake ni cha kweli mahali pake. Ilikuwepo pia nukuu nzuri iliyopewa jina la Luther, bila kitabu wala mwaka. Nukuu ya hivyo usipoiona katika maandishi yake mwenyewe, iache.

Dawa ni kukaa na Biblia ileile inayosomwa kanisani kwenu na kufungua kila rejea kwa mkono. Utapata na faida nyingine. Katika tafsiri ya Muungano ya 1952, mstari wa tano Simoni anamwita Yesu "Bwana mkubwa", na mstari wa nane, akiwa amepiga magoti, anasema "Bwana". Kigiriki nacho kinatumia maneno mawili tofauti pale. Rasimu yangu ilikuwa imeandika "Bwana" kotekote, na hivyo ikafuta badiliko lililotokea ndani ya mtumbwi. Kwa wavuvi wetu, wanaomwita mwenye chombo tajiri na wanajua tofauti ya kumtii tajiri na kumwogopa Mungu, hilo lilieleweka bila maelezo marefu.

Kiswahili chake ni fasaha, lugha haihitaji kuguswa.

Ni kweli nusu. Sarufi yake ilikuwa nzuri kuliko ya barua nyingi ninazopokea. Lakini iliwaambia watu "toka kwenye eneo lako la faraja", na hakuna mtu mwaloni anayesema hivyo. Mzee alikwisha kunipa neno: osha mara mbili. Nilipoweka hilo, sentensi sita zikaanguka zenyewe.

Maisha ya washirika ni mali ya mimbari, mradi usitaje majina.

Si kweli. Ukisema "mama mmoja aliyefiwa na mume ziwani mwezi wa tatu," kanisa zima limeshageuka kumtazama. Kubadilisha jina hakumfichi mtu mahali ambapo watu wote wanajuana. Yule mzee na yule mama nilirudi kwao Ijumaa nikawaambia nitakavyosema. Mama aliniomba niseme swali ni lake, mzee akaomba nisimtaje. Niliwatii wote wawili. Yaliyosemwa faraghani kwa ajili ya maombi hayafiki kabisa mimbarani, hata miaka ikipita. Na kuna jambo jipya la kuangalia: usiandike magonjwa, madeni na ndoa za watu kwenye programu ukitaka ikutungie mahubiri "yanayowahusu". Siri waliyokupa wewe hawakuipa kampuni iliyo mbali.

Rasimu huokoa muda.

Si kweli, ukiifanyia kazi inavyostahili. Kwa kurasa zile tatu, kilichobaki Jumapili ni mpangilio wa aya ya utangulizi na orodha ya maandiko ya kulinganisha, yaani Mathayo 4, Marko 1 na Yohana 21. Mengine yote yalitoka mwaloni, katika Biblia iliyo wazi na katika ugomvi ule niliouacha. Ilinichukua jioni mbili zaidi ya kawaida yangu.

Mwinjilisti mwenzangu, wiki hii kabla hujaiandikia simu neno lolote, msomee mshirika mmoja somo la Jumapili, mahali anapofanyia kazi, umwache aseme wa kwanza. Mimi Jumatatu iliyofuata nilirudi kwenye ile nyumba yenye ugomvi.