Msimu wa Mbu: Chandarua na Dawa ya Kupaka Vinaweza Nini?

Mvua za masika zinapoanza, mabango ya vyandarua na dawa za kupaka huongezeka madukani na kwenye magulio. Baadhi huahidi "kinga kamili dhidi ya malaria". Hakuna kati ya bidhaa hizo inayoweza kutimiza ahadi hiyo, ingawa zote zina manufaa.

Chandarua chenye dawa humtenga aliyelala na mbu, na dawa iliyomo kwenye nyuzi humuua au kumfukuza mbu anayetua. Majaribio yaliyofanyika kabla ya vyandarua hivyo kuenea yalionesha kuwa waliovitumia waliugua malaria kwa takribani nusu ya kiwango cha wasiokuwa na chandarua. Ni faida kubwa, lakini nusu si yote. Mbu wengine huuma kabla watu hawajalala, na baadhi wamejenga usugu dhidi ya dawa. Aidha, mkono ulioegemea wavu unaweza kuumwa ukiwa ndani.

Dawa ya kupaka hupunguza kuumwa kwa saa chache tu. Ushahidi kuwa dawa hiyo pekee hupunguza malaria bado ni hafifu. Kwa hiyo muuzaji mkweli atasema "hupunguza kuumwa na mbu" na kuishia hapo. Hata hivyo, mbu wa dengi huuma zaidi mchana, wakati ambao wengi hawako kitandani. Hapo dawa ya kupaka husaidia pale chandarua kisipofika.

Chukua mfano wa mama anayeuza samaki wa kukaanga kando ya barabara. Amejipaka saa 12 jioni dawa ambayo lebo yake inataja saa nne. Ifikapo saa 4 usiku muda umekwisha, au umekwisha mapema zaidi kwa sababu ya jasho la jikoni. Akiendelea hadi saa 5, atalazimika kujipaka tena kama lebo inavyoruhusu, au kuvaa mikono mirefu. Mwanawe aliyelala tangu saa 2 anahitaji chandarua kilichochomekwa chini ya godoro. Dawa haipakwi kwenye vidonda wala viganja vya mtoto, kwa kuwa ataviweka mdomoni.

Chandarua kipya kitandazwe kivulini kwa saa 24 kabla ya kutumiwa. Kifuliwe kwa sabuni isiyo kali, kisha kikaushwe kivulini, kwani jua hudhoofisha dawa. Matundu huonekana kwa urahisi wavu ukiinuliwa kuelekea mwanga, yashonwe mapema.

Mama mjamzito huulizia chandarua anapoanza kliniki, na mtoto anapopata chanjo ya surua ya miezi 9.

Mwenye homa apimwe katika zahanati ndani ya saa 24, hata kama hulala ndani ya chandarua kila usiku.