Gawio Huwa Deni Lini?

Machi 2020, bodi ya wakurugenzi ya Equity Group ya Kenya ilipendekeza gawio la shilingi 2.50 kwa kila hisa kutokana na faida ya mwaka 2019. Mwenye hisa 1,000 angeweza kuanza kuzipigia hesabu shilingi zake 2,500. Ilipofika Mei, korona ikiwa imeshaingia nchini, bodi hiyo hiyo ikaliondoa pendekezo lake ili kulinda mtaji. Zaidi ya shilingi bilioni 9 zikabaki kwenye kampuni, na kisheria mwanahisa hakuwa na deni la kudai.

Sababu ni kwamba pendekezo la bodi si ahadi ya malipo. Gawio la mwisho wa mwaka huwa deni pale wanahisa wanapolipitisha katika mkutano mkuu. Kuanzia hapo kampuni haiwezi kurudi nyuma: mwanahisa anaidai kama anavyoidai muuza karatasi aliyekwisha kuleta mzigo, ingawa kampuni ikifilisika wadai wa nje hulipwa kabla yake.

Safaricom inaonyesha safari nzima. Mwaka wake wa hesabu hufungwa Machi 31. Mei 2024 bodi ilipendekeza gawio la mwisho la senti 65 kwa kila hisa, na kwa hisa zake zipatazo bilioni 40, jumla ilikuwa kama shilingi bilioni 26. Ukiisoma mizania ya Machi 31, fedha hizo huzikuti upande wa madeni, kwa kuwa siku hiyo hakuna aliyekuwa amezipitisha. Bado zilihesabiwa ndani ya mtaji wa wanahisa.

Wanahisa walipozipitisha Julai, mhasibu alikuwa na kazi moja: kupunguza bilioni 26 kwenye mtaji wa wanahisa na kuziandika kama gawio linalodaiwa. Benki hakukuwa kumetoka hata senti. Malipo yalipofanyika, deni na fedha taslimu vilipungua pamoja, na mtaji wa wanahisa haukuguswa mara ya pili.

Kwa mkazi wa Kenya mwenye hisa 10,000, gawio hilo ni shilingi 6,500. Kampuni hukata kodi ya zuio ya asilimia 5, yaani shilingi 325, na kumpa 6,175.

Gawio la katikati ya mwaka lina hatari yake. Kwa mapokeo ya sheria ya Uingereza, ambayo Kenya na Tanzania zimeyarithi, uamuzi wa wakurugenzi peke yao hauzai deni kwa kawaida, na wanaweza kuufuta kabla ya kulipa. Benki ya HSBC ya London ilitangaza gawio la namna hiyo Februari 2020, senti 21 za dola kwa kila hisa, kisha ikalifuta wiki mbili tu kabla ya siku ya malipo. Kwa hiyo msomaji wa tangazo atazame kwanza kitenzi: bodi “imependekeza”, au mkutano mkuu “umepitisha”?