Uji unaotiririka kijikoni: tuma swali lako kwa mtaalamu wa lishe

Alhamisi hii, kuanzia saa 2 hadi saa 3 usiku, mtaalamu wa lishe atakuwa nasi mubashara. Mada ni moja tu: chakula cha mtoto wa miezi 6 hadi 24. Maswali yatumwe mapema kwa WhatsApp, kwa maandishi au kwa sauti isiyozidi dakika moja, kwenye namba iliyochapwa jalada la nyuma. Mwisho wa kuyapokea ni Jumatano saa 12 jioni, kwa sababu mtaalamu anataka kuyasoma yote kabla ya kuketi kujibu.

Swali tunalolipokea kuliko yote ni hili: “Mtoto wangu haongezeki uzito, nimpe nini?” Najua wasiwasi ulio nyuma yake, na ndiyo maana linaniuma kila linapopata jibu la juujuu. Halitaji umri, wala uzito, wala alichokula. Mtaalamu akiwa kliniki angeuliza hayo kwanza. Hewani hawezi kukuuliza, basi yaandike wewe.

Tuchukue mfano. Mama anaandika: “Mtoto wa kike, miezi 9. Kadi ya kliniki inaonyesha kilo 6.9 miezi miwili iliyopita, 7.1 mwezi jana, na 7.1 mwezi huu. Hajaumwa, ananyonya. Jana asubuhi alikunywa kikombe cha uji, mchana wali vijiko 3 na mchuzi wa maharage, jioni uji tena. Uji napika kwa vijiko 2 vya unga katika nusu lita ya maji. Unga ni wa mahindi, mchele, ulezi, ngano, soya na karanga.”

Swali hili lina jibu ndani yake. Uzito wa kilo 7.1 kwa binti wa miezi 9 si wa kutisha peke yake. Kinachostua ni mstari kwenye kadi kulala badala ya kupanda. Kisha angalia uji. Tumbo la mtoto hubeba takribani mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake, kwa hiyo huyu anashiba kwa mililita 200 hivi, pungufu ya glasi moja. Akijazwa uji mwepesi amejazwa maji. Inamisha kijiko: uji wa mtoto wa umri huu ubaki kijikoni, usitiririke. Anahitaji nusu kikombe cha mililita 250 mara 3 au 4 kwa siku, kitu kidogo cha kutafuna katikati, na ziwa la mama liendelee.

Unga nao una la kusema. Mahindi, mchele, ulezi na ngano vyote ni nafaka, kwa hiyo kuvichanganya vinne si kumpa mtoto aina nne za chakula. Soya isiyochemshwa vizuri kabla ya kukaushwa na kusagwa huzuia mwili kutumia protini. Karanga zikikaa muda mrefu ndani ya unga huharibika. Afadhali unga wa nafaka moja, na kijiko cha karanga zilizosagwa kiongezwe sufuriani siku hiyohiyo. Mchana apewe maharage yenyewe yaliyopondwa, si mchuzi wake tu, pamoja na yai, dagaa waliosagwa au mboga ya majani. Baada ya mwezi apimwe tena, ikiwezekana kwa mizani ileile.

Kwa hiyo andika umri kwa miezi, uzito wa vipimo vitatu vya mwisho, ugonjwa wa karibuni, na kila alichotia kinywani tangu jana asubuhi hadi leo asubuhi. Usiandike anachokula “kwa kawaida”, maana hapo sote hukumbuka siku nzuri. Taja vipimo vya jikoni kwako: kikombe, upawa, kijiko cha chai. Ukiweza, piga picha ya uji kwenye kijiko kilichoinamishwa. Picha ya kadi inafaa pia, ila funika jina na namba ya mtoto. Picha ya mtoto mwenyewe hatuihitaji.

Yapo mambo yasiyosubiri Alhamisi. Mtoto mwenye miguu iliyovimba pande zote mbili, anayekataa chakula na ziwa, anayetapika kila kitu, anayeharisha damu, au ambaye utepe wa kupima mkono unasoma chini ya sentimita 11.5, apelekwe kituo cha afya leo. Ujumbe wa namna hiyo ukifika hatutauweka kwenye foleni ya maswali; tutampigia simu aliyeutuma mara tutakapousoma, tumwambie aondoke nyumbani sasa hivi.