Ukingo Mweusi kwenye Picha Iliyokatwa: Alfa Nyoofu na Alfa Iliyozidishwa Awali

Picha iliyokatwa ikatolewa kwenye mandharinyuma yake hubeba chaneli nne. Tatu ni za rangi: nyekundu, kijani na buluu. Ya nne ni alfa, inayoeleza ni kwa kiasi gani kila pikseli inafunika kilicho nyuma yake. Alfa ikiwa 1, pikseli inafunika kabisa. Ikiwa 0, haifuniki chochote. Ndani ya umbo alfa ni 1, na nje yake ni 0. Thamani za kati hupatikana ukingoni, kwa kuwa unywele au pindo la nguo mara nyingi hujaza sehemu tu ya pikseli. Ndiyo sababu makosa ya alfa hujitokeza zaidi ukingoni.

Faili huweza kuhifadhi rangi za pikseli hizo kwa njia mbili. Katika alfa nyoofu, rangi hubaki kama ilivyo na alfa huwekwa kando. Pindo jeupe lililojaza nusu ya pikseli huandikwa jeupe kamili, yaani 255, likiwa na alfa 0.5. Katika alfa iliyozidishwa awali, rangi huzidishwa kwa alfa kabla ya kuhifadhiwa. Pindo lile lile huandikwa 128, kijivu, ingawa alfa yake bado ni 0.5. Ni kama lilichorwa juu ya ubao mweusi.

Njia ya pili ilielezwa na Thomas Porter na Tom Duff wa Lucasfilm mwaka 1984. Faida yake ni kwamba hesabu ya kuunganisha picha hupungua, na picha inapopunguzwa ukubwa, rangi zilizofichwa katika pikseli zenye alfa 0 haziingii ukingoni. Faili za PNG hutumia alfa nyoofu, na za OpenEXR kwa kawaida hutumia iliyozidishwa. Faili ya MOV yaweza kuwa na yoyote kati ya hizo mbili, na hapo ndipo programu ya kuhariri inapolazimika kuambiwa au kukisia.

Kila njia ina hesabu yake. F ni rangi halisi ya mbele, B ni rangi ya nyuma, a ni alfa, na P ni rangi iliyokwisha kuzidishwa.

```
Straight:       F × a + B × (1 − a)
Premultiplied:  P + B × (1 − a)
```

Chukua video ya mtu aliyevaa kanzu nyeupe, iliyohifadhiwa kwa alfa iliyozidishwa, na iwekwe juu ya ukuta mweupe. Kwenye pikseli ya ukingo P ni 128, na ukuta unachangia nusu ya 255, takriban 127. Jumla ni 255: nyeupe juu ya nyeupe, wala hakuna alama. Lakini programu ikidhani ni alfa nyoofu, itazidisha 128 kwa 0.5 mara ya pili na kupata 64. Ikiongezwa 127 ya ukuta, matokeo ni 191. Kanzu imezungukwa na mstari wa kijivu ambao hakuna aliyeuchora.

Upungufu huo hufikia kilele pale alfa inapokuwa 0.5, kisha hufifia kuelekea 0 na 1. Kwa hiyo ukingo mkali huonyesha mstari mwembamba, ilhali moshi, vivuli laini na nywele hupakwa weusi eneo pana. Juu ya mandhari nyeusi kosa ni gumu kulibaini. Juu ya mandhari angavu halifichiki. Kosa la kinyume, yaani alfa nyoofu kusomwa kama iliyozidishwa, huleta ukingo unaong'aa kupita kiasi.

Kwa kupima, picha huwekwa juu ya rangi nyeupe tupu, kisha mpangilio wa usomaji hubadilishwa. Katika After Effects hupatikana kwenye `Interpret Footage`, penye `Straight - Unmatted` na `Premultiplied - Matted With Color`. Katika DaVinci Resolve huwa ndani ya `Clip Attributes`. Weusi ukitoweka kwa kuchagua Premultiplied, tatizo lilikuwa la usomaji tu na faili ni nzima.

Ukingo ukianza kung'aa badala ya kusafika, faili ilikuwa nyoofu tangu mwanzo na weusi umo ndani ya rangi zenyewe. Huenda picha ilikatwa kutoka kwenye mandhari nyeusi na masalia yake yakabaki kwenye pikseli za ukingo. Kubadilisha mpangilio hakutaondoa weusi wa namna hiyo. Hapo ni lazima rangi za ukingo zisafishwe, au picha ikatwe upya.